U yenye macho

"Shangazi, mbona u hii ina macho?"

Mtoto alikuwa amelikuta lile daftari langu la Kijerumani la jalada la bluu, nami nikafungua mdomo kumweleza habari za ü ya Kijerumani. Kisha nikaona ukurasa aliofungua: Ofisini. Nikanyamaza kwanza.

Enzi hizo nikijifunza Kijerumani, mhadhara ukiendelea nilikuwa nadaka maneno pembeni mwa ukurasa kama nilivyoyasikia, na sentensi ya mhadhiri nikiiwahi. Jioni, sauti yake ikiwa bado masikioni, nayahamishia kwenye orodha za mada. Sikuyapanga kwa jamii, siku na siku, rangi na rangi, maana nilishaona ndugu wa namna hiyo wanavyokanyagana: nikitafuta Dienstag, Jumanne, linakuja Donnerstag, Alhamisi. Niliyapanga kwa tukio. Ukurasa wa Mlangoni, ukurasa wa Ofisini, ukurasa wa Safarini. Kila mstari ulikuwa na safu nne: neno pamoja na kibainishi na wingi wake (die Seite, die Seiten), matamshi, maana, na sentensi.

Safu ya matamshi ndiyo iliyoniponza. Niliiandika kwa herufi zetu, na mara nyingi zilitosha. Buch, kitabu, lilikuwa "buukh", kwa kh ya kheri. Lakini ü hatuna. Kwa hiyo drücken, kusukuma, liliingia Mlangoni kama "druken". Wiki moja baadaye drucken, kuchapisha, likaingia Ofisini, nalo kama "druken". Kurasa mbili tofauti, hayakuwahi kuonana.

Baadaye mwenzangu mmoja akanifundisha ü: sema i, ulimi uache palepale, kisha chongoa midomo kama unapiga mluzi. Nilipoipata niliona nimefika. Nikachukua kalamu nyekundu, na kila penye "druken" nikaweka nukta mbili juu ya u. Hata kule Ofisini. Neno lenyewe lilikuwa hapo kushoto, halina nukta hata moja, lakini mimi nilikuwa natazama safu ya matamshi tu.

Siku ya siku mhadhiri akatutumia kurasa za kusoma, akauliza kama kuna mwenye haja yoyote. Nikanyoosha mkono. Sentensi nilikuwa nayo tayari, nimeipika tangu asubuhi: Ich möchte sie drucken, ningependa kuzichapisha. Hiyo sie ni zile kurasa. Tatizo ni kwamba Sie ya heshima, yaani wewe mheshimiwa, hutamkwa vilevile kabisa. Na drücken, ukimtaja mtu, si kusukuma tena. Ni kumkumbatia.

"Ich möchte Sie drücken," nikasema, kwa ü safi kuliko zote nilizowahi kutoa.

Mama wa watu akavua miwani. Akanitazama, akautazama mlango, akanirudia.

"Jetzt?" Sasa hivi?

Nikaona swali la maana, maana mashine ya kuchapia ilikuwa palepale ukumbini. "Ja, bitte," nikajibu. Na kwa kuwa jirani yangu naye alihitaji nakala: "Zweimal." Mara mbili.

Nadhani kicheko kilianzia safu ya nyuma. Mimi nilicheka pia, ili nisionekane sijui tunachekea nini. Yeye hakucheka. Alikuja hadi kwenye meza yangu, akaomba daftari, akatembeza penseli polepole kwenye safu ya matamshi mpaka alipofika. Akaukata mstari ule, mkato mmoja mwembamba, akaandika chini yake yale maneno mawili, moja juu ya jingine, akanitamkisha hadi akaridhika. Kumbe hata u yangu isiyo na nukta ilikuwa na kasoro: naivuta, kama tunavyovuta silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali ck hapo mbele inaamuru irabu iwe fupi.

Tangu hapo safu ya matamshi siandiki tahajia ya kubuni. Naandika maagizo kwa kinywa: "ulimi wa i, midomo ya u, fupi." Na maneno yanayochanganyana nayaweka mstari mmoja, hata kama moja ni la mlangoni na jingine la ofisini. Ndiyo, najua, ni mimi yuleyule niliyewatenganisha Dienstag na Donnerstag kwa sababu walikuwa wakikanyagana. Wengine wanatulia ukiwakutanisha, wengine wanatulia ukiwatenga, na mpaka leo siwezi kukwambia mapema yupi ni yupi.

"Sema i," nikamwambia mtoto. "Usitingishe ulimi. Sasa piga mluzi."

Akaitoa mara ya kwanza. Kisha akaweka kidole juu ya ule mkato.

"Na hii wameikata kwa nini?"

"Leta daftari," nikamwambia.