Jina Lililotaja Kazi ya Kikundi Chetu

Mwaka 2016 akina mama wa mtaa wa Langoni, katika mji wa Lamu, waliniita niwe katibu wa kikundi chao, kwa kuwa nilikuwa mwalimu na daftari lilionekana kuwa silaha yangu. Wengi wao walikuwa wakicheza mchezo wa pesa tangu zamani, lakini mchezo haukuwafaa kwa jambo moja: aliyepokea zamu yake mwezi wa Machi hakuwa amebakiwa na kitu Januari, wakati mtoto alipokuwa akiingia kidato cha kwanza na nyumba ikidaiwa karo, sare, godoro na sanduku la chuma kwa siku moja. Kwa hiyo walikubaliana kila mtu aweke shilingi 200 kila wiki, fedha zisiguswe, na Desemba kila mwanachama achukue alichoweka. Mpango ulikuwa wazi. Kilichobaki ni usajili, na fomu ya ofisi ya maendeleo ya jamii ilitaka jina katika mstari wake wa kwanza.

Tulikutana barazani kwa mwenyekiti baada ya sala ya alasiri. Majina yalimiminika: Nuru ya Amu, Nyota ya Bahari, Tuinuane, Subira. Niliyaandika yote, na ninakiri kwamba Nuru ya Amu lilinivutia kwa utamu wake. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahamri asubuhi alisema tuyapime kwa mtu asiyetujua. Akamsimamisha mchukuzi aliyekuwa akipita na punda wake, akamuuliza, "Mwanangu, ukisikia Nyota ya Bahari, wadhani ni nini?" Yule kijana akajibu bila kusita kwamba hiyo ni boti ya kwenda Mokowe. Nuru ya Amu alidhani ni jahazi la mashindano au kundi la kasida. Tuinuane, alisema, huenda ikawa chochote. Watu walicheka, lakini majina yale yalikufa palepale. Katika mji ambao kila chombo kimeandikwa jina lake ubavuni, jina zuri lisilotaja kazi huchukuliwa kuwa la chombo.

Ndipo akazuka aliyependekeza Benki ya Mama Langoni. Hilo lilitaja fedha, lakini lilikuwa na kasoro ya kisheria. Sheria ya Benki ya Kenya inamkataza mtu asiye na idhini kutumia neno benki, au neno la lugha nyingine lenye maana hiyo, katika jina la shughuli yake. Neno Sako nalo lina sheria yake, na kikundi cha barazani hakiwezi kujiita hivyo. Licha ya sheria, jina la namna hiyo lingemwahidi mwanachama kitu tusichokuwa nacho, yaani mkopo. Wazee kadhaa walikuwa wamesema waziwazi kwamba hawataingia katika kikundi chochote kinachonuka riba, na sisi hatukuwa na nia ya kukopeshana hata kidogo. Neno akiba lilitosha, kwa sababu lilisema tunachofanya na likanyamazia tusichofanya.

Mjadala mrefu zaidi ulihusu neno la pili. Wa kwanza walitaka Akiba ya Elimu, nami nikauliza kama kijana wa miaka 25 anayetaka kozi ya kompyuta, au mtoto anayenunuliwa msahafu wa chuoni, naye ataruhusiwa kudai fedha zifunguliwe mwezi wa Juni. Elimu haina mipaka, na kikundi kilikuwa na mpaka mmoja tu, ambao ni Januari. Wengine wakasema basi iwe Akiba ya Karo. Mwenyekiti, ambaye alikuwa akimlea mjukuu, alipinga kwa hoja iliyotunyamazisha: mwaka uliopita karo ililipwa na mfadhili, lakini kijana alirudishwa nyumbani kwa kukosa sare na godoro. Jina likisema karo, mhasibu mkaidi ataweza kumnyima fedha za godoro, na atakuwa na haki. Tukaafikiana kwa Akiba ya Shule, lililo pana kuliko karo na jembamba kuliko elimu.

Kuhusu wenyewe wa kikundi, neno wazazi liliachwa kwa sababu nusu ya walezi pale walikuwa nyanya na shangazi. Mtaa uliingizwa, ingawa wanachama watatu walikuwa wakiishi Mkomani, baada ya wao wenyewe kusema kwamba hawaoni neno Langoni likiwafukuza maadamu katiba haiwafukuzi. Nikaandika Akiba ya Shule Langoni, kisha nikaandika kifungu cha madhumuni katika katiba kwa maneno yaleyale: kuweka akiba kwa ajili ya mahitaji ya shule ya watoto walio chini ya ulezi wa wanachama. Kwa maoni yangu kazi yote ya jina hupimwa hapo. Jina na kifungu cha madhumuni vikipishana, kila mgomvi atachukua kile kinachompendelea.

Ofisini walitafuta katika daftari la usajili kama kuna kikundi kingine cha jina hilo, wakapokea muhtasari wa mkutano, katiba na orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho, wakatupa cheti. (Siku hizi mambo hayo yanaongozwa na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, ambayo inataka wanachama wasiopungua kumi.) Cheti kilikuwa na maneno ya Kiingereza ya kikundi cha kujisaidia mwishoni mwa jina letu. Hatukuyatilia maanani mpaka jamaa wa mwanachama mmoja alipotuandikia hundi kwa jina la Akina Mama Langoni, nayo benki ikaikataa, kwa kuwa akaunti hufunguliwa kwa jina la cheti, herufi kwa herufi. Baada ya hapo tulichonga muhuri wenye jina kamili, na kila aliyetaka kutuchangia alipewa karatasi iliyogongwa muhuri huo ainakili.

Jina hilo nalo lilikuwa na kasoro. Mwaka wa kwanza watu wawili watatu walikuja kwa mwenyekiti kuuliza shule yetu ya chekechea itafunguliwa lini, kwa kuwa walisikia neno shule wakaishia hapo. Hatukubadilisha jina, kwani kubadilisha kungetaka cheti kipya na akaunti kurekebishwa, lakini kwenye vitabu vidogo vya wanachama tuliongeza mstari mmoja chini ya jina: Tunaweka mwaka mzima, tunafungua Desemba.

Mwezi wa Agosti mwanachama mmoja aliezuliwa paa na upepo, akaomba alichoweka akanunue makuti. Aliheshimika, na hakuna aliyetaka kumwambia hapana. Mhasibu alifungua kitabu chake, akamwonyesha jalada na kumwambia kwa adabu, "Dada yangu, hizi umeziandikia shule." Mama yule alitazama jalada, akasema kweli, akaomba badala yake tumchangie kando, na siku hiyohiyo shilingi zilikusanywa ndani ya kanga bila akiba kuguswa. Mwezi uliofuata baadhi yao wakaanzisha mfuko wa pili wa dharura za nyumba na maziko, wenye daftari lake na mhasibu wake, na nilipoulizwa uitweje niliwaambia waanze kwa kuandika kwanza ni mambo gani utalipia.