Maembe makavu yaliyorudishwa na duka

Mwenye duka la Ngara alinipigia: "Dada, njoo uchukue mzigo wako, umeota ukungu." Pakiti 40 za embe kavu, na kwenye lebo nilikuwa nimeandika miezi sita. Hazikuwa zimemaliza hata wiki tano.

Nilifungua moja. Vipande vyembamba vilikuwa vikavu, vile vinene vilinata katikati. Kosa lilikuwa langu: nilikata kwa macho, kisha nikapakia vikiwa bado na joto la kikaushio. Mvuke ukafungiwa ndani.

Sasa nakata milimita tano. Vikikauka naviacha vipoe kabisa, halafu navijaza kwenye mitungi ya kioo, theluthi mbili tu, nafunika. Kwa siku saba natikisa kila asubuhi ili unyevu ulioko kwenye vipande vinene usambae. Nikiona matone kwenye kioo, vyote vinarudi kikaushioni. Kipande kizuri hupindika bila kuvunjika, na ukikichana hakitoi maji.

Mifuko myepesi ya plastiki inayoonyesha ndani niliiacha, ingawa wateja waliipenda. Natumia ya foili, nikiibana kwa moto.

Chini ya picha WhatsApp naandika hivi: "Viungo: embe pekee. Gramu 100. Tumia ndani ya miezi mitatu. Ukifungua, wiki mbili. Jumla: kuanzia pakiti 24, agiza siku kumi kabla." Siku saba kati ya hizo ni za mtungi. Anayetaka kesho namwambia sina.