Nitawaona Saa Ngapi?

Tangu Jumanne sauti ya bibi mmoja, mwenye wajukuu pacha shuleni kwetu, haijanitoka masikioni. Alikuja na barua yangu ya kuzialika familia kwenye tamasha la kufunga mwaka, akaikunjua taratibu, akaweka kidole kwenye maneno "kusimamia mlango" aliyokuwa ameyapigia mstari kwa penseli, kisha akauliza, "Sasa mwalimu, nikishika mlango, wajukuu zangu nitawaona saa ngapi?"

"Tutaangalia, bibi," nilimjibu. Akatabasamu, akaikunja tena, akaenda zake.

Wiki hii mitihani imekwisha na dada yangu amejifungua salama, lakini ninalolirudia kichwani ni hilo "tutaangalia". Barua yenyewe haikuwa na jibu. Nilitaja kazi za kupanga viti, mlango, kuwavalisha watoto, kuwasimamia nyuma ya jukwaa na kufagia ukumbi, bila kusema ipi inaanza saa ngapi na inakwisha lini. Watu 3 tu walijiandikisha, na wote walichagua viti, kazi ambayo kila mtu anajua kwamba inakwisha kabla ya wimbo wa kwanza. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimekwisha kuwaita wavivu moyoni.

Jana usiku niliiandika upya, safari hii nikianza na ratiba ya jukwaani: madarasa ya chini kabla ya mapumziko, ya juu baadaye. Mwenye mtoto katika sehemu ya kwanza atashika zamu katika sehemu ya pili, na mwenye mtoto katika sehemu ya pili atatangulia. Pacha wako darasa la pili, kwa hiyo bibi atakaa ukumbini hadi mapumziko, ndipo aende mlangoni. Mwenye watoto pande zote mbili hapewi zamu wakati wa onyesho. Atapanga viti saa nane, au atabaki kufagia. Nyuma ya jukwaa nimeweka watu wazima wawili kwa kila chumba, ili mmoja akimpeleka mtoto msalani, wengine wasibaki peke yao. Chini kuna kipande cha kukata na kurudisha kabla ya Ijumaa, chenye jina la mtoto, darasa, kazi na zamu.

Nililala nikiwa na furaha ya kitoto. Hata hivyo, sasa ratiba haigusiki: mwalimu wa ngoma akiomba darasa la tano litangulie, kama aombavyo kila mwaka, zamu zote zitavurugika.

Leo asubuhi nilimkabidhi bibi barua mpya mwenyewe. Aliisoma yote, akanitazama. "Na hapo mlangoni pana kiti?"

Nimeongeza kiti. Kinachoniweka macho sasa ni kijana wetu anayeimbisha kwaya, ambaye sauti yake imeanza kukatika katika noti za juu, na zimebaki siku 9.