Nukta Tatu za Mkurugenzi

Tangu Jumatatu jioni nimekuwa nikiufungua ujumbe ule ule mfupi, nikiusoma, nikiufunga, kisha nikiurudia kana kwamba usiku umeuongezea neno. Haujaongezeka kitu. Unasema: «Sawa. Dakika 15. Alhamisi.» Basi. Ni nukta tatu, na kila moja nimeisikia kama mlango unaofungwa.

Mliopo hapa tangu mwaka jana mnamkumbuka Mkurugenzi, mwenye ile ripoti iliyonikosesha usingizi mwezi mzima. Safari hii ripoti imekaribia kuisha bila vita. Jumatatu asubuhi akanitumia mwaliko kwenye kalenda: Ijumaa, saa nzima, kichwa cha habari neno moja tu, «Ripoti». Hakukuwa na ajenda wala maelezo. Sikuona ajabu, kwa sababu mara nyingi urefu wa mkutano hauchaguliwi na mtu. Kalenda yenyewe hutenga nusu saa au saa nzima, na mwenye shughuli nyingi hubonyeza kutuma akaendelea na safari yake.

Nikajiambia kwamba mama huyu anatoka kikao kimoja kuingia kingine, na mimi najua kwamba katika ripoti limebaki jambo moja tu: sura ya 3 ibaki ilipo au ihamie kwenye viambatisho. Ni swali la ndiyo au hapana, lenye hoja mbili kila upande. Kulitengea saa nzima ni kumpotezea muda. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hii: «Kwa bahati mbaya sina nafasi ya saa nzima wiki hii, ila naweza kukupa dakika 15.» Niliifuta. Kwanza haikuwa kweli, maana nafasi nilikuwa nayo. Pili, lile «kukupa» lilinikaa vibaya, kama mtu anayemhesabia mkubwa wake chenji mkononi.

Nilichotuma hatimaye ni hiki, nakinakili kama kilivyo:

«Shikamoo Mkurugenzi. Asante kwa mwaliko. Naona jambo lililobaki kwenye ripoti ni moja, yaani sura ya 3 ibaki mahali pake au ihamie kwenye viambatisho, na naamini tunaweza kulimaliza kwa simu ya dakika 15. Nitakupigia mimi, ama Jumatano saa nne asubuhi (10:00) ama Alhamisi saa nane mchana (14:00), utakavyopenda. Leo jioni nitakutumia ukurasa mmoja wenye hoja za pande zote mbili. Tukiona muda hautoshi, ile saa ya Ijumaa bado sijaifuta kwenye kalenda yangu.»

Nilijivunia barua hii, sitaficha. Sikuandika «wakati wowote unaokufaa», kwa sababu maneno hayo yanasikika ya adabu lakini humrudishia mwenzio kazi ya kutafuta nafasi. Vipindi viwili anavijibu kwa neno moja. Nilisema nani atapiga, ili tusije tukangojana kila mmoja na simu yake mkononi. Na saa niliziandika kwa hesabu zote mbili, kwa maana niliwahi kuahidiana na mtu «saa 4:00», yeye akaiingiza kwenye kalenda kama ilivyo, na kikumbusho kikamwamsha alfajiri.

Kisha zikaja nukta tatu.

Jumamosi iliyotangulia mdogo wangu alikuwa ameoa, na bado tulikuwa na maboksi sebuleni tangu tuhame, lakini mimi wiki nzima nilikuwa na «Dakika 15» kichwani. Kwa nini airudie hesabu yangu? Angeandika «Sawa, Alhamisi» ningelala. Kuirudia ilikuwa kama kusema: nimesikia bei yako. Nilimwonyesha baba watoto. Akasoma, akanirudishia simu, akasema, «Ulimpa vipindi viwili, amechagua kimoja. Ulitaka akutungie shairi?» Nikamjibu kwamba yeye hajui kusoma nukta.

Alhamisi saa nane kamili nikapiga. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, na harusi ilikwendaje. Nilipotupa jicho kwenye saa, dakika mbili zilikuwa zimekwenda, jambo ambalo nililitarajia, kwa sababu simu ya dakika 15 baina ya watu wanaojuana kwa kweli ni ya dakika 12 au 13. Ukurasa wangu alikuwa ameusoma, na hilo ndilo liliokoa kila kitu. Hakuniuliza sura inasema nini. Aliuliza tu kama msomaji atakayeruka viambatisho atapotea njia. Nikasema atapotea kidogo. Akaamua: sura ihamie, lakini aya moja ya muhtasari ibaki pale ilipokuwa. Nikamrudilia uamuzi wake kwa maneno yangu, akasema ndivyo. Ilikuwa dakika ya nane.

Hapo nikaomba radhi kwa kumfupishia mkutano. Akacheka. Akasema kwamba alifurahi mno, na kwamba jibu lake alilichapa kwa kidole kimoja akipanda ngazi na mafaili kwapani, hata hakumbuki aliandika nini. Siku tatu za uchungu wangu zilikuwa zimejengwa juu ya ngazi na mafaili.

Nilikuwa nimeanza kutabasamu aliponyamaza kidogo, kisha akasema, «Nilikuwa na jingine, lakini hilo si la dakika 15.»

Nikamwambia kwamba Ijumaa yetu bado ipo. Akasema, «Ile? Ilishachukuliwa Jumatatu ile ile.»

Ni sentensi hii ninayoirudia sasa badala ya zile nukta, na inaniuma zaidi, kwa sababu safari hii kosa ni langu. Saa ya mtu mwenye shughuli ikirudishwa haikai tupu kumsubiri aliyeirudisha. Mimi niliitunza Ijumaa upande wangu nikadhani nimeuacha mlango wazi, kumbe upande wake mlango ulikuwa umeshapata mgeni mwingine. Tena sikumuuliza alichokitaka. Niliona neno «Ripoti» nikamchagulia swali mimi mwenyewe, nikalipima, nikalikatia dakika. Ilikosekana sentensi moja: «Kama una jambo zaidi ya hili, niambie tuiache ile saa kama ilivyo.» Ingemgharimu neno moja kujibu, hata akiwa kwenye ngazi.

Sijui hilo jingine ni nini. Sauti yake haikuwa ya hasira, wala haikuwa ya kazi sana. Ilikuwa ya mtu aliyekuwa ameshavuta kiti akae, akakirudisha mahali pake. Jambo la namna hiyo haliingii kwenye ukurasa mmoja wa hoja za pande mbili, na mtu hawezi kulianza huku akijua kwamba mwenzake anatazama saa. Nami nilikuwa naitazama.

Jana usiku ukaja mwaliko mpya: Jumanne, saa nane hadi saa tisa mchana, kichwa cha habari kitupu. Sikuuliza ajenda, sikupendekeza simu. Nilibonyeza «Kubali» kabla sijamaliza kuusoma, na ni asubuhi hii tu nilipogundua kwamba Jumanne saa nane ndiyo miadi ya Mama ya macho, ile tuliyoingoja tangu mwezi uliopita, na mdogo wangu ambaye humpeleka siku zote bado yuko fungate.