Kidonda cha miezi 14: ninavyokitafutia chanzo

Kidonda kisichopona nakianza kwa kalenda, kisha ndipo nafungua bandeji. Tatizo ni kwamba ukimuuliza mtu tangu lini, jibu huwa "zamani kidogo". Kwa hiyo natafuta mahali pa kushika. Mama mmoja mkulima, umri wake miaka 58, nilimuuliza, "Mama, masika ya mwaka jana ulikuwa nacho?" Akasema, "Nilikuwa nacho, mwanangu, nilipalilia nikiwa nimekifunga kitenge." Tukahesabu, ikafika miezi 14. Kwenye kadi yake kulikuwa kumeandikwa "kidonda cha mguu" tu mara tano, na kila aliyempokea alianza upya na dawa ya vijidudu kana kwamba ni cha wiki iliyopita.

Kidonda cha kawaida kwa mtu mwenye afya huanza kufunga ndani ya wiki mbili au tatu. Kikipita wiki 6 bila dalili ya kufunga, kuna kitu kinachokizuia, na kazi yangu ni kukitafuta hicho kitu. Kikipita miezi 3 licha ya huduma nzuri, nataka kinyama kipimwe maabara, hata kama chanzo kinaonekana wazi.

Kwa mama huyu chanzo kilionekana wazi kweli. Sukari yake kabla ya kula ilikuwa 13.2, na kuanzia 7.0 tayari ni kisukari. Kila mtu aliridhika hapo. Lakini kidonda cha kisukari mara nyingi hukaa chini ya unyayo au kwenye vidole, mahali penye ganzi panapobanwa na kiatu. Nilimgusa nyayo kwa uzi wa nailoni wa gramu 10 akiwa amefumba macho, akaniambia kila nilipogusa. Hakuwa na ganzi, na mapigo ya damu juu ya mguu yalikuwepo. Kidonda chenyewe kilikuwa kwenye muundi, katikati ya kovu la moto la utotoni, alipomwagikiwa na uji.

Hapo rula ndiyo inayosema. Siku ya kwanza kilikuwa na urefu wa sentimita 4 na upana 3, yaani eneo la 12. Tuliishusha sukari, tukakiosha kwa maji ya chumvi, tukaacha kabisa kumwagia unga wa vidonge vya rangi mbili, ambao huganda juu na kukuficha hali ya chini. Kidonda cha kisukari kinachoelekea kupona hupungua karibu nusu ya eneo lake katika wiki 4. Hiki kilifika 4.5 kwa 3.2, zaidi ya 14, huku sukari ikiwa imeshatulia. Ukingo wake ulikuwa umeinuka, mgumu kama ukingo wa sahani, na katikati nyama ilichomoza kama koliflawa, ikitoka damu kwa kuguswa kidogo.

Nilimuuliza pia alikowahi kuishi. Leishmania ya ngozi, ugonjwa wa vimelea ambao nao huacha kidonda cha muda mrefu, huambukizwa na usubi, huanza kama kipele kwenye ngozi iliyo wazi, kisha hufunguka kidonda chenye ukingo ulioinuka, mara nyingi kisichouma. Angekuwa ameishi Baringo, Gilgil, karibu na mapango ya Mlima Elgon, au amefanya kazi Saudia, ningeiweka mbele. Aina nyingi hupona zenyewe kwa miezi kadhaa hadi mwaka na zaidi, ila ile ya Mlima Elgon huweza kukaa miaka. Huyu hakuwahi kutoka kijijini kwao, lakini kwa kuwa tunakata nyama hata hivyo, nilikwangua ukingo na kupaka kwenye kioo kwa rangi ya Giemsa, inayoonyesha vimelea kwenye darubini. Vimelea havikuonekana.

Kosa kubwa hutokea kwenye kukata. Ukichukua nyama ya katikati, unapeleka uozo na usaha, na majibu yanarudi "uvimbe wa kawaida, hakuna saratani". Nilichukua vipande vinne kutoka pande nne za ukingo, kila kimoja kikishika ngozi nzima kidogo pamoja na kidonda, na kina cha kufikia mafuta. Kansa inayoota kwenye kovu inaweza kuwa upande mmoja tu. Vipande viliingia kwenye fomalini ya asilimia 10, maji yake mara kumi ya nyama. Kipande cha tano, cha kuoteshea vijidudu, kilikwenda kwenye maji safi ya chumvi, kwa sababu fomalini huua kila kinachotakiwa kuota. Kwenye fomu niliandika: kovu la moto la miaka 50, kidonda miezi 14, kinakua. Msomaji wa darubini asipojua hayo, huweza kuiona kansa changa akadhani ni ngozi iliyonenepa kwa mwasho.

Majibu yalikuwa saratani ya ngozi ya seli bapa. Mtoki wa kinena ulikuwa haujavimba. Alikatwa kidonda pamoja na sentimita 2 za kovu kila upande hadi chini ya mafuta, akazibwa kwa ngozi ya paja, na kinena chake tunakipapasa kila baada ya miezi 3.