Siku moja maishani mwangu: spiriti iko Kitonga, mvinyo hausubiri

Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo hapa Ipogolo, Iringa, tuko wanne na mzee mwenye mali. Mtaani wakisikia tunatengeneza mvinyo mkali wa kuongezewa spiriti, yaani pombe kali iliyokenekwa, wanasema hao wanachakachua, wanachanganya juisi na gongo basi. Sasa ngoja niwape Alhamisi iliyopita ilivyokuwa.

Saa 11 alfajiri. Baridi ya Agosti mnaijua, naingia na koti mpaka masikioni. Zabibu nyekundu za Makutupora zilitoka Dodoma kwa njia ya Mtera, zikafika Jumanne, na tangu hapo tunazikanyaga kwa miguu zamu kwa zamu. Sio mbwembwe. Tunatengeneza poti, ule mvinyo mtamu wa Kireno wa kuongezewa spiriti, nao unakaa na maganda siku mbili hivi tu, kwa hiyo rangi na ule ukali wa ganda lazima uvitoe kwa haraka, ndio maana kule bonde la Douro Ureno nao walikuwa wanakanyaga kwenye mabirika ya mawe, na wengine wanakanyaga mpaka leo. Nikashuka, nikakanyaga, nikaoga, nikapima.

Saa 1 nikapitia mapipa ya mvinyo mweupe, hayo hayana presha. Saa 2 chai na chapati.

Saa 4 ndio saa yenyewe. Jumanne haidromita, kile kipimo kinachoshuka kadiri sukari inavyoliwa, ilisoma 1.098, maana yake juisi ina sukari kama gramu 240 kwa lita. Sasa inasoma 1.045. Hapo hamira imekula karibu nusu ya sukari, kilevi kimefika kama asilimia 7, nusu nyingine bado ipo, na hiyo nusu ndio utamu tunaoutaka. Ukimwaga spiriti sasa hivi kilevi kinaruka mpaka 20, hamira inakufa, sukari inabaki pale pale milele. Hiyo ndiyo siri yote ya poti, utamu wake ni wa zabibu yenyewe, hakuna aliyetia sukari. Kipimo cha zamani cha Ureno ni lita 115 za spiriti ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77 kwa lita 435 za mvinyo. Kwetu tenki la lita 100 linataka lita 23 hivi.

Tukaukamua mvinyo tukautenga na maganda. Tenki tayari, ndoo tayari. Spiriti haipo.

Nampigia dereva, "kaka vipi?" Ananiambia dada tulia, niko mlima Kitonga, kuna semitrela imelala kwenye kona, magari hayapandi hayashuki. Nikakaa chini kabisa.

Sasa hapa ndipo watu hawaelewi. Mvinyo hauwezi kuuambia subiri, hamira haijui foleni. Saa 5 na nusu inasoma 1.041. Stoo tulikuwa na lita 6 zilizobaki, kijana mmoja akasema dada si tutie hizo kwanza? Nikamwambia piga hesabu, lita 6 kwenye 100 zinakupandisha mpaka 11 tu, hapo hamira inaishi vizuri kabisa inaendelea kula, kuizima kwa uhakika lazima uvuke 17 au 18. Utakuwa umepoteza spiriti na sukari vyote viwili. Cha kufanya ni kuipoza tu, tukaenda kwa mama anayeuza samaki tukaazima chupa za maji zilizoganda, tukazifuta vizuri tukazining'iniza ndani ya tenki, joto likashuka toka 28 mpaka 22. Ikapunguza mwendo lakini haikusimama.

Katikati ya hiyo presha akaja mteja. "Kamwene dada." Kamwene. Anataka ya tamu, nikamuonjesha ya mwaka jana, halafu akaona pipa la mvinyo mweupe akaomba na hiyo, akakunja uso, hii mbona haina sukari, mmenipunja spiriti? Baba wa watu, ile imewekwa spiriti vilevile ila imewekwa mwishoni! Nilichoka lakini nikamueleza. Ile ni mtindo wa sheri, ya Jerez kule Hispania, kwao wanaiacha hamira imalize sukari yote mpaka mvinyo ukauke, yaani usibaki na utamu, kilevi kinafika 11 au 12, ndipo wanaongeza. Pale spiriti haizimi chochote, sukari imeshaisha, kazi yake ni kuamua mvinyo utazeeka vipi. Akauliza kuamua kivipi, nikampeleka kwenye mapipa yenyewe.

Pipa la kwanza tulilipandisha toka 12 mpaka 15 na kidogo, lita 100 zinataka lita 5 tu za spiriti yetu. Kwenye 15 kuna jamii ya hamira inayoota juu kama utando wa maziwa yaliyopoa, mweupe, umekunjamana, inafunika mvinyo hewa isiuguse, ndio maana unabaki na rangi ya majani makavu na harufu ya lozi na unga wa mkate. Hiyo kwao inaitwa fino. Pipa hulijazi, unaacha sehemu moja kati ya sita wazi ili utando upumue. Pipa la pili tulitia lita 10, likafika 18, pale utando hauwezi kuishi, hewa inaingia taratibu mvinyo unakuwa kahawia kama chai ya rangi, hiyo ni oloroso. Mvinyo ule ule, tofauti ni lita 5. Ukikosea ukaishia 16 na nusu umejiumiza, utando unasinyaa na oloroso kamili hujapata. Na hatuimwagi spiriti moja kwa moja, tunaichanganya kwanza nusu kwa nusu na mvinyo, tunaiacha itulie, maana ikiingia kavu inaustua mvinyo unakuwa na ukungu.

Akanunua chupa moja. Ya tamu.

Mchana sikumbuki saa vizuri. 1.037. Nikapiga simu, bado Kitonga. Mzee akaja, akapima mwenyewe kama vile mimi siwezi, akasema ikifika usiku tuuache ukauke tuzeeshe kama sheri. Nikamwambia baba, oda zote ni za tamu. Akanyamaza.

Gari limeingia saa 12 jioni, 1.030. Hesabu ya asubuhi yote inafutwa. Kilevi sasa 9, kwa hiyo lita 19 zinatosha kufika 20, na utamu uliobaki ni kama gramu 73 kwa lita badala ya 98 tuliyopanga. Bado ni poti ila ya ukavu ukavu, watu wetu watalalamika.

Tukamwaga huku wawili wanakoroga kwa mti dakika 20, mikono inauma. Spiriti ni nyepesi, usipokoroga inaelea juu, unaonja juu unaona imeiva kumbe chini hamira inaendelea na karamu. Na haidromita baada ya hapo haisomi ukweli, kilevi kinaidanganya, kwa hiyo unabaki na masikio. Saa 3 usiku nimeinama sikio limegusa tenki upande wa chini, nasikia tss, tss, hamira bado inakula. Nikawaamsha vijana tukakoroga tena.

Saa 5 kimya. Bodaboda wa kunirudisha Kihesa anauliza dada umekunywa, mbona unanukia hivyo.