Kivuli Kilichobaki Nansio

Jumapili iliyopita mtoto wa kaka yangu, yule wa darasa la tatu, alikuwa akipekua picha katika simu yangu huku nikimenya ndizi, na alipofika kwenye ile ya Nansio nikamwambia kwamba hiyo ni safari niliyokwenda peke yangu. Aliitazama kwa muda, akaikuza kwa vidole viwili, kisha akaniuliza: “Shangazi, kama ulikuwa peke yako, nani alikupiga? Na hiki kivuli hapa chini ni cha nani?”

Ilikuwa Januari 2021, baada ya mambo yale ya Desemba ambayo sina haja ya kuyarudia. Nilipanda meli Mwanza nikiwa na begi moja la mgongoni, nikakaa majini saa tatu na zaidi kidogo, nikashuka Nansio, kisiwani Ukerewe, jioni, nikalala bila kula. Kulipopambazuka nilitoka kwenda ufukweni kabla ya mwenye nyumba ya wageni hajafungua mlango wa mbele, hivyo ikabidi nipitie jikoni.

Zilikuwa siku za giza, yaani siku ambazo mwezi hauonekani na wavuvi wa dagaa hulala ziwani, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga wa taa na taa haina nguvu penye mbalamwezi. Mitumbwi ilikuwa ikirudi. Wanawake walikuwa wamekwisha kununua kwa ndoo na walikuwa wakianika, wengine juu ya mchanga, wengine juu ya nyavu chakavu zilizotandazwa. Nilichagua jiwe moja pembeni, nikaegemeza simu kwenye kiatu changu, nikaiwekea sekunde kumi na kukimbilia jiweni. Nilirudia mara nne. Simu ilianguka mara mbili, na katika picha mbili zilizosalia nilitoka mweusi tititi, kwa sababu kamera ilikuwa imejipima kwa mwanga wa anga badala ya uso wangu.

Mama mmoja aliyekuwa akianika karibu nami aliinuka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasema, “Lete nikupige, mwanangu, hicho kiatu kitakuumbua.” Alijifuta mikono kwenye khanga, lakini magamba madogo ya fedha yalibaki yamemganda kwenye vidole hadi kwenye kucha, na alipoipokea simu kidole gumba chake kilipita juu ya lenzi. Nilikiona kikipita na sikusema kitu. Nilikaa jiweni, ziwa likiwa upande wa kushoto wa picha. Yeye alisimama na jua mgongoni mwake, nalo lilikuwa ndiyo kwanza limechomoza, lipo chini kabisa, kiasi kwamba kivuli chake kilirefuka kwenye mchanga hadi kikakaribia miguu yangu. Alibonyeza mara moja tu. “Moja inatosha?” aliniuliza, na kabla sijajibu akaangalia nyuma, kwa sababu kuku walikuwa wamekwisha kufika kwenye dagaa wake. Alinirudishia simu, akawafukuza, akainama tena, akaendelea kuwatawanya wale dagaa kwa kiganja kilichofunguka, kwa mwendo wa mtu anayepanda mbegu, akihakikisha kwamba hakuna aliyelala juu ya mwenzake. Nilimshukuru, naye akaitikia bila kuinua kichwa.

Nilikaa pale karibu saa nzima. Siwezi kueleza vizuri nilichokuwa nikikiwaza.

Jioni ile niliikata picha. Niliondoa kivuli chote, nikaondoa na kipande cha wavu wenye dagaa, nikabakiza mimi, jiwe na maji. Kona ya juu ilikuwa na ukungu wa mafuta ya kile kidole gumba, nikaona unapendeza, nikauacha. Kisha nikaanza kutafuta maneno ya kuweka chini yake. Nilichotaka ni kueleza hali niliyokuwa nayo bila kuonekana ninajionyesha kwamba nimesafiri, na hapo nikagundua kwamba kapsheni ni ngumu kuliko picha.

La kwanza niliandika: “Wakati mwingine ni lazima upotee ili ujipate.” Lilionekana kuwa na busara kwa dakika kama tano. Kisha nikalijaribu kwa njia ambayo ninaitumia hadi leo: nikalibandika, kichwani tu, chini ya picha ya mtu mwingine aliyeko Bagamoyo, halafu chini ya picha ya mtu aliyeko Lushoto, na likakaa sawasawa kote kuwili. Kama maneno yanaweza kuhamia picha yoyote, basi hayajasema chochote kuhusu hii. Tena halikuwa kweli. Sikuwa nimepotea, nilikuwa nimekata tiketi.

La pili lilikuwa: “Peke yangu, na nimeridhika.” Hilo ndilo nililoliweka Instagramu. Kabla ya saa tatu usiku simu yangu ilikuwa imeita mara tatu. Mama aliuliza ninaumwa nini. Dada alitaka kujua nani ameniudhi. Mjomba hakuuliza kitu, alitaka tu kuisikia sauti yangu. Nililaumu watu wangu wakati ule, lakini nikilitafakari sasa naona walisoma kwa usahihi. Katika Kiswahili chetu “peke yangu” hubeba upweke kabla haijabeba uhuru, na mtu anayetangaza kuwa ameridhika bila kuulizwa huwafanya wasomaji wake watafute kilichomkosesha raha. Nusu ya kwanza ya sentensi ile iliomba huruma na nusu ya pili iliomba pongezi, nami nilitaka nisiombe chochote.

Nikalifuta, nikaandika la tatu: “Ziwa linaponya.” Hilo lilikaa usiku mmoja tu. Asubuhi alinipigia mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa kisiwa cha Ukara, na kwa upole mkubwa alinikumbusha nilipokuwa. Mnamo tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, kikitoka Bugolora, katika wilaya hiyohiyo ya Ukerewe, na wakafa watu zaidi ya 200. Watu wa Mwanza walikuwa bado wanaibeba Mei ya 1996, ilipozama MV Bukoba. “Mimi linanilisha,” aliniambia, “lakini neno kuponya usilipatie.” Aliniomba nisilifute kwa ajili yake, na nililifuta kwa sababu hiyohiyo. Nilikuwa nimelipatia ziwa kazi ambayo wenyeji wake hawajawahi kulipatia, kwa kuwa mimi nilikaa kando yake asubuhi moja.

Picha ikabaki haina maneno kwa wiki kama mbili, hadi nilipokuwa nyumbani nikipanga makaratasi ya baba. Ndani ya bahasha ya kaki nilikuta picha yake ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, amesimama karibu na Jiwe la Bismarck, koti limemzidi mabega. Nyuma ya picha, kwa wino wa buluu na mwandiko ule uliolala kulia, alikuwa ameandika: “Mwanza, kabla ya kuvuka Kamanga. Pantoni ilichelewa. Kapiga fundi wa studio.” Basi. Hakusema alikuwa na mawazo, wala kwamba alikuwa anakwenda kumwona babu ambaye hawakuwa wakisemezana, ingawa mimi najua kuwa ndiko alikokuwa anakwenda. Hiyo “pantoni ilichelewa” inanikaba koo kila ninapoisoma, kwa sababu namwona amesimama pale akingojea na hataki kufika.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikikosea. Baba aliandika vitu ambavyo picha haiwezi kuvionyesha: wakati, kuchelewa, aliyeshika kamera. Mimi nilikuwa naandika hali yangu ya moyo, ambayo mtazamaji angeweza kuipata mwenyewe kama ningempa mahali pa kuanzia. Vilevile aliandika kwa wakati uliopita. “Nipo Nansio” humwonyesha msomaji kwamba yeye hayupo, lakini “nilikaa Nansio” hukubali kwamba hata mimi sipo tena, na tofauti hiyo ya silabi chache hubadilisha sauti ya sentensi nzima. Kuna hatari yake pia: ukipunguza maneno kupita kiasi kapsheni huwa kama fumbo, na fumbo nalo ni namna ya kujionyesha. Baba aliokolewa na yule fundi wa studio. Kumtaja mtu mwingine kuliishusha picha chini, ikawa ya watu wawili.

Niliandika: “Nansio, saa moja na robo asubuhi. Nilikaa hapa hadi mitumbwi yote ikarudi. Picha kapiga mama aliyekuwa anaanika dagaa.” Niliisoma kwa sauti, nikaondoa neno “nzuri” nililokuwa nimelichomeka baada ya “asubuhi”, nikaiweka. Hakuna aliyenipigia simu usiku ule. Mama alinitumia ujumbe kesho yake, ukiwa na swali moja tu: je, dagaa walikuwa bei gani?

Ila maneno hubadilishwa, picha haibadiliki. Pale ilipokwisha kuwekwa, ilikuwa imekatwa tayari, kwa hiyo hadi leo wanaoitazama wanasoma habari za mama asiyeonekana mahali popote. Nilipaswa kuifuta na kuiweka upya ikiwa nzima, na sikufanya hivyo, kwa sababu ambazo sijaziona vizuri. Huenda bado nilitaka ufukwe ule uonekane kuwa wangu. Mtoto yeye aliikuta nzima kwenye simu, na alichokiona kwanza ni kile nilichokitoa.

Nilimweleza yote, kwa kifupi. Aliniuliza huyo mama anaitwa nani, nami sikuwa na jibu. Nilimwamkia, nikamshukuru, nikakaa saa nzima umbali wa hatua kumi kutoka kwake, na jina sikumwuliza.

Jumatatu nilipita studio nikaichapisha ile picha nzima, pamoja na kivuli, wavu na ukungu wa kidole gumba. Mtoto aliigeuza na kutaka tuandike nyuma kama babu yake alivyofanya. Nilishika kalamu ya wino nikaandika mahali, mwezi na mwaka, kisha “kapiga”, na hapo nikasimama. Alichukua penseli yake ya shule akamalizia mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizopanda juu ya mstari: mama wa dagaa. Picha ipo kabatini karibu na ya baba. Ile penseli sijaifuta, na sijaipitishia wino.